Jiko langu, mayai ya Mama na breka iliyosingiziwa

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu mwezi Februari nilikuwa mtuhumiwa kwenye nyumba ninayopanga hapa Singida mjini. Kosa lenyewe ni hili: kila nikiwasha jiko langu dogo la umeme, lile la koili moja, nyumba nzima inazimika. Siyo chumba changu tu. Ni nyumba nzima, pamoja na sebule ya mama mwenye nyumba, ambako kuna mashine ya kutotolesha vifaranga yenye mayai 60 ya kuku wa kienyeji.

Mnaoijua Singida mnajua kuku wa kienyeji kwetu si mchezo. Mama ana wateja wanaosubiri vifaranga wake, wengine wameshalipa nusu. Yai la kuku linahitaji siku 21 ndani ya mashine, kwenye joto la kama nyuzi 37.5. Umeme ukikatika kwa dakika kumi hakuna neno, mashine ikifungwa vizuri inatunza joto. Ukikatika saa nne, hapo ni kumwomba Mungu.

Siku ya kwanza breka iliruka saa kumi na moja alfajiri, nikachukua tochi nikaenda koridoni nikairudisha. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilikuwa na safari ya kikazi kwenda Ikungi, nikawasha jiko, umeme ukazimika, nami kwa haraka nikadhani umekatika mtaa mzima. Nikaondoka zangu bila chai. Mama aliamka saa mbili asubuhi na kukuta mashine imepoa. Mayai yalikuwa na siku tisa.

Jioni niliporudi nilimkuta amekaa barazani. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Mwanangu, wewe jiko lako linakula umeme mwingi mno. Linazidi nguvu ya nyumba." Wapangaji wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Kumbukeni LUKU yetu ni moja na tunachangia, kwa hiyo neno "linakula umeme" lina uzito wake.

Mama akaita fundi wa jirani. Fundi alitazama dakika mbili akasema breka imechoka, dawa yake ni kuitoa na kuunga nyaya moja kwa moja, "halafu mtasahau habari hizi." Mama alikuwa tayari. Mimi nikaomba siku tatu. Siyo kwamba nilikuwa najua jibu, ila kazi yangu imenizoesha kutomhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Nikampigia rafiki yangu mmoja aliyesomea umeme VETA, akaniambia: "Usiguse waya wowote. Kwanza niambie ni breka ipi iliyoruka."

Swali hilo sikulitegemea. Kwangu mimi breka ni breka. Kumbe kwenye lile boksi la meni swichi kuna za aina mbili. Kuna nyembamba, upana wa kama kidole kimoja, zimepangwa moja kwa taa, nyingine kwa soketi. Kazi yake ni kukata umeme unapopita mwingi kuliko waya unavyoweza kubeba, au waya wa moto unapogusana na nyutro, yaani shoti. Halafu kuna moja pana, upana wa mbili hizo, yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T. Hii haijali kabisa unatumia umeme kiasi gani. Inalinda kitu kingine.

Breka hiyo pana inapitisha ndani yake waya wa moto na nyutro pamoja, katikati ya pete ya chuma. Umeme unaokwenda kwenye jiko kwa waya wa moto unatakiwa urudi wote kwa nyutro. Ukienda ampia 4 zikarudi ampia 4, pete haioni kitu. Lakini kiasi fulani kikichepuka, kwa mfano kupitia bati la jiko na waya wa ethi kwenda ardhini, kinachorudi kinapungua, pete inaona tofauti na breka inaruka. Yetu imeandikwa 0.03A, maana yake miliampia 30. Breka ya namna hiyo inaruhusiwa kuruka tofauti ikishavuka nusu ya kiwango hicho, yaani miliampia 15, na ikifika 30 ni lazima iruke, tena chini ya theluthi moja ya sekunde.

Nikaenda na tochi. Iliyoanguka ni ile pana. Zile nyembamba zote zimesimama.

Hapo hapo shitaka la "linakula umeme mwingi" likafa. Hata hivyo nilipiga hesabu ili nimwoneshe Mama kwa karatasi. Jiko limeandikwa wati 1000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampia 4.3. Breka nyembamba ya soketi ni ya ampia 20. Hata tukiwasha jiko, pasi ya Mama na friji kwa pamoja bado hatujafika huko. Na tungefika, ingeanguka ile nyembamba, siyo pana. Mama aliitazama karatasi akasema, "Sawa. Sasa kama siyo wingi, ni nini?" Swali zuri.

Kwa hiyo kuna umeme unaochepuka mahali. Wapi? Rafiki yangu akaniambia kazi sasa ni kuondoa washukiwa mmoja mmoja, na kila jaribio libadilishe kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, jibu halitakuambia ni kipi kilicholeta tofauti.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa nyumba yote kwa ujumla wake. Vifaa vingi vya kisasa huvujisha umeme kidogo sana kwenye ethi hata vikiwa vizima. Televisheni kidogo, friji kidogo, mashine ya mayai kidogo. Vikijumlishwa vinaweza kuifikisha breka karibu na miliampia 15, kisha kifaa cha mwisho kinachowashwa kinabeba lawama za wote. Tukaomba ruhusa ya robo saa. Mama akafunika mashine yake kwa blanketi, sisi tukachomoa kila kitu kwenye kila chumba. Siyo kuzima tu, kuchomoa. Nikawasha jiko peke yake. Breka ikaruka. Basi siyo mkusanyiko.

Mshukiwa wa pili, soketi ya chumbani kwangu na waya wake. Nikachomeka pasi ya Mama kwenye soketi ile ile, ikapata moto bila shida. Nikalipeleka jiko kwenye soketi ya sebuleni, breka ikaruka. Majaribio hayo mawili yanakwenda pamoja: pasi inasema soketi ni nzima, sebule inasema tatizo linatembea na jiko. Na sikutumia ekstensheni, maana hiyo nayo ingekuwa mshukiwa mwingine.

Hapo ningeweza kumaliza. Lakini siku hiyo hiyo jioni nikafanya jambo lililonirudisha nyuma siku mbili nzima. Nilibeba jiko nikaenda nyumba ya pili, kwa jirani, nikaomba kujaribu. Jiko likawaka! Koili ikawa nyekundu, shemeji akachemsha chai, tukanywa. Hakuna kilichoruka.

Jamani, nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Jiko halina kosa! Kwa jirani linawaka, kwetu haliwaki, basi mbovu ni breka yetu. Fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Mama akasema kesho aitwe aje aitoe. Na mimi, shahidi wa utetezi, nikakubali.

Kilichotuokoa ni sentensi moja. Kesho yake asubuhi nilikutana na shemeji bombani, nikamshukuru kwa jana. Akacheka. "Jiko lako zuri, ila linatekenya."

"Linatekenya vipi?"

"Ukigusa sufuria unasikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Nikavaa kandambili, ikapungua."

Nilisimama na ndoo yangu pale. Halafu nikaomba nione meni swichi yao. Ni nyumba ya zamani. Ndani ya boksi kuna breka nyembamba tu. Ile pana yenye kitufe cha T haipo. Na rafiki yangu alipokuja baadaye kufungua soketi yao, alikuta waya wa ethi haujafungwa popote. Tundu la tatu la soketi lilikuwa pambo.

Sasa angalieni jinsi nilivyojidanganya. Niliuliza, "Je, jiko linawaka kwa jirani?" Swali lilitakiwa kuwa, "Je, kwa jirani kuna kitu chochote kinachoweza kuona kosa hili?" Hakikuwepo. Jaribio langu kule lilithibitisha jambo moja tu: kwamba jiko halina shoti ya moto na nyutro, jambo ambalo breka zetu nyembamba zilishaniambia bure. Kuhusu uvujaji, nyumba ile ilikuwa kipofu. Umeme ulikuwa unachepuka kule kule, ila kwa kukosa njia ya ethi ulibaki kwenye bati ukimsubiri mtu.

Rafiki yangu alikuja Jumamosi na mfuko wake wa vifaa. Kabla ya kufungua jiko alifanya majaribio mawili ya bei rahisi, ambayo hata mimi ningeweza.

La kwanza, alichomeka plagi na kuacha swichi ya soketi imezimwa, huku vifaa vingine vya nyumba vinafanya kazi. Breka ikatulia. Akaeleza kwamba swichi ya soketi zetu kwa kawaida hukata waya wa moto tu, nyutro inabaki imeunganishwa. Kama ndani ya jiko nyutro ingekuwa imegusana kabisa na bati, sehemu ya umeme wa vifaa vingine ingeweza kurudi kupitia ethi, na breka ingeruka hata swichi ikiwa imezimwa. Kosa la namna hiyo huwachanganya watu sana kwa sababu kifaa "kimezimwa". Letu siyo hilo.

La pili, aliwasha swichi ya soketi lakini kitufe cha kuzungusha cha jiko akakiacha sifuri. Breka ikatulia. Maana yake waya wa jiko, kuanzia plagi hadi kwenye kile kitufe, hauvujishi. Akazungusha kitufe, tap, giza. Basi tatizo liko baada ya kitufe. Baada ya kitufe kuna nyaya mbili fupi na koili yenyewe. Tumebaki na chumba kimoja na washukiwa wawili.

Akachomoa jiko, akaliweka mezani, akatoa mita ya kawaida ile ya betri ya volti 9. Kati ya pini ya moto na pini ya nyutro, kitufe kikiwa kimewashwa, ikasoma omu 53. Nikamuuliza kama hiyo ni mbaya. Akasema piga hesabu: 230 gawanya kwa 53 ni ampia 4.3, mara 230 ni wati 1000. Koili kama koili ni nzima, ndiyo maana ilichemsha chai kwa jirani.

Kisha kati ya pini ya moto na pini ya ethi. Mita ikasoma karibu megaomu 1, ikiyumbayumba. Hapo nikapiga hesabu mwenyewe kwa kujidai: volti 230 kwa omu milioni moja ni miliampia 0.23. Breka inataka zaidi ya 15. Haiwezekani hiyo iangushe breka! Nikaanza tena kuishuku breka.

"Ndugu mwandishi, tulia," akasema. Mita ile hupima kwa volti chache za betri. Unyevu ndani ya kizio unaweza kunyamaza kwa volti chache na kufunguka kwa mamia. Akatoa kifaa kingine wanachokiita mega, kinachopima kizio kwa volti 500. Ni kwa sababu hiyo hakitumiki ovyo: kila kitu huchomolewa kwanza, na hukielekezi kwenye televisheni au mashine ya mayai yenye vifaa vya kielektroniki ndani, utaviunguza. Wala hugusi ncha zake, maana volti 500 hizo zinauma.

Akafungua bati la chini, akatoa nyaya mbili kwenye miguu ya koili ili kila mshukiwa ahojiwe peke yake. Nyaya pamoja na kitufe kwenda kwenye bati: zaidi ya megaomu 200. Safi. Koili peke yake kwenda kwenye ganda lake la chuma: megaomu 0.01.

Hiyo ni omu elfu kumi. Volti 230 kwa omu 10,000 ni miliampia 23. Iko juu ya 15. Mwizi amepatikana, na breka ilikuwa inasema kweli tangu siku ya kwanza.

Koili ya jiko siyo waya mtupu. Ni bomba la chuma, katikati kuna waya mwembamba unaopata moto, na kati ya waya na bomba kumejazwa unga mweupe wa oksidi ya magnesi. Unga huo unapitisha joto vizuri na kuzuia umeme, lakini una udhaifu mmoja: unanyonya unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana ncha mbili za bomba huzibwa. Kwenye koili yangu ncha moja ilikuwa na ufa, na kando yake kuna alama ya kahawia. Niliitambua alama hiyo. Ni uji uliofurika mwezi Novemba. Baada ya hapo nililiweka jiko chini ya kitanda nikatumia gesi, mvua zikaanza Desemba, na unga ukakaa miezi miwili unakunywa hewa ya masika kupitia ule ufa. Februari gesi ikaisha, nikalitoa jiko.

Nikauliza kama unga unaweza kukaushwa. Akasema ndiyo, na tujaribu nione mwenyewe. Tukaiweka koili juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, kwa juu kidogo, saa tatu hivi. Ikapoa, akapima: megaomu 2. Niliruka kwa furaha. Akasema tuiache hadi kesho. Jumapili jioni ilikuwa imeshuka hadi 0.3, bila mtu kuigusa. Ufa upo, unyevu unarudi. Kukausha kunafaa pale kizibo kikiwa kizima na kifaa kimelala tu muda mrefu. Kizibo kikipasuka, unanunua koili nyingine. Nikanunua, ya wati zile zile 1000, akaipima kabla ya kuifunga: zaidi ya 200.

Mwisho akabonyeza kitufe cha T kwenye breka pana. Ikaanguka. Kitufe hicho hutengeneza uvujaji bandia ndani ya breka yenyewe, ili ujue bado inaweza kuruka. Hakipimi kama ethi ya nyumba ni nzima, kwa hiyo hiyo aliipima kando. Akairudisha, nikazungusha jiko. Taa ziliendelea kuwaka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Na kama ningeitoa breka juzi?" Rafiki yangu akamweleza taratibu. Jiko lingewaka, na mradi ethi yetu ni nzima pengine tusingesikia lolote. Siku waya wa ethi ukilegea, bati lote lingekuwa na umeme. Mtu asiye na viatu, kwenye sakafu yenye maji, angeshika sufuria na kupitisha mwilini karibu miliampia 20. Kuanzia kama miliampia 10 misuli ya mkono huweza kukaza kiasi kwamba unataka kuachia na mkono haukubali. Mama ana wajukuu wawili wanaozunguka nyumba ile peku siku nzima. Hakusema neno. Aliingia ndani akarudi na kuku, akampa fundi. Mimi sikupewa kitu, na ni haki, maana uji ulikuwa wangu.

Kwa jirani nilirudi usiku ule ule. Nilimwambia shemeji kwamba sisimizi wale hawakuwa mchezo, na siyo wa jiko langu peke yake: kifaa chochote cha bati kikiharibika, nyumba yao haina cha kukiona. Wiki iliyofuata mumewe alimwita rafiki yangu akafunga nyaya za ethi, akaweka na breka pana. Siku ya kwanza tu ikaruka walipochomeka pasi. Wakaja kunigongea mlango kulalamika.

Nikawauliza ni breka ipi iliyoruka.

Na mayai? Kati ya 60, yametotolewa 41. Mama anasema kwa kawaida anapata kama 50. Tisa hizo nimeambiwa nizilipe kidogo kidogo, na nimekubali.